Betri Haina Miguu: Mwongozo wa Kurudi na Vifaa Vyote kutoka Ziwani

Katika timu za picha za harusi Uvira, hakuna swali linalojibiwa haraka kama hili: "Vitu vyote viko?" Kijana wa kubeba mikoba hujibu "Viko!" kabla hajafungua zipu hata moja. Mpiga picha naye huridhika, kwa kuwa jibu hilo ndilo alilokuwa analitaka. Kesho yake asubuhi betri moja haipo, kifuniko cha lenzi hakipo, na maelezo yanaanza: "Ilikuwa kwa sakoshi." "Nilimuachia kaka wa bwana harusi." "Labda ilidondoka."

Betri haina miguu. Ilitolewa kwenye mfuko na mkono wa mtu, ikawekwa mahali, halafu mtu huyo akaondoka. Kinachotakiwa ni kujua ni mkono wa nani, ni mahali gani, na kujua mapema, wakati mahali penyewe pangali hatua kumi kutoka pale uliposimama. Kazi hiyo inafanywa na karatasi moja yenye safu mbili kuu, IMETOKA na IMERUDI, na biki ya kuijazia. Kichwa hakiiwezi. Kichwa kilichokesha kikipanga ratiba ya komini, kanisa, ziwa na sale kimeshajaa.

Anza na mistari ya karatasi, maana hapo ndipo wengi huiharibu kabla hawajaitumia. Wanaandika "Kamera na vitu vyake", wanapiga mstari chini, basi. Vitu vyake ni vipi? Kamera inayotoka nyumbani ina mwili, lenzi, kifuniko cha mbele, kifuniko cha nyuma, betri, kadi, mkanda, na kile kibao kidogo kinachofungwa kwa skrubu chini yake ili ikae juu ya stendi. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuachwa peke yake, kwa hiyo kila kimoja kinastahili mstari wake. Mtu aliyeandika "Kamera na vitu vyake" akirudi na kamera tupu ataweka alama ya vema bila kusema uongo.

Hebu tukitazame hicho kibao. Ni kipande cha chuma au plastiki ngumu, upana wake vidole viwili au vitatu. Mpiga picha akitaka kushika kamera mkononi, anaichomoa kwenye stendi na kibao kinabaki kimeng'ang'ania chini ya kamera. Baadaye anamwazima kamera hiyo mwenzake wa video, na kibao kinakwenda naye. Au anakifungua ili kamera ikae vizuri mkononi, anakiweka juu ya jiwe, na picha inaendelea. Hakuna anayekumbuka kibao mpaka Jumamosi nyingine, stendi inapokunjuliwa na kamera haina pa kukaa. Stendi nzima inakuwa fimbo ya kutembelea. Na vibao havilingani: cha stendi ya aina moja mara nyingi hakiingii kwenye nyingine, kwa hiyo kuomba cha jirani hakusaidii kila mara. Andika mstari wake.

Vitu vinavyofanana vinaweza kukaa mstari mmoja, mradi viwe na alama na idadi. Betri za kamera za aina moja zote ni nyeusi, na za rafiki yako ni nyeusi vilevile. Nunua chupa moja ya rangi ya kucha sokoni, uandike B1, B2, B3 juu ya kila betri, mbali na sehemu za chuma zinazopitisha umeme. Kadi nazo zipe K1, K2, K3 juu ya lebo zao. Rangi ya kucha inashika kwenye plastiki kuliko biki, haifutiki kwa jasho, na ukichagua nyekundu hutagombana na aliyechagua bluu.

Ndani ya safu andika tarakimu, usiweke vema. Vema hukubali kila kitu: betri tano zilitoka, nne zikarudi, na mtu mwenye haraka ataweka vema kwa kuwa betri ameziona. Tarakimu inamlazimisha azihesabu. Palipo na 5 upande wa kushoto na 4 upande wa kulia, hata mpita njia anaona kuna neno.

Sasa safu ya IMETOKA. Inaanza lini? Wengi wanadhani inaanza asubuhi ya harusi, mikoba ikifungwa. Uvira hiyo ni kuchelewa. Umeme ukikatika Ijumaa, betri zinapelekwa kuchajishwa kwa jirani mwenye sola au kwenye kibanda kinachochaji simu, na betri moja ikibaki pale, asubuhi hakuna anayeikumbuka kwa kuwa haikuwa ndani ya mfuko wakati wa kufunga. Kwa karatasi iliyoandikwa asubuhi, betri hiyo haijapotea, maana haikuwahi kutoka. Basi karatasi ianze Ijumaa jioni. Betri ikivuka mlango kwenda kuchajiwa, imetoka. Andika na jina la aliyeipeleka.

Wakati wa kufunga, wawe watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anagusa kitu na kusema idadi. Anayesoma haangalii mfuko, na anayegusa haangalii karatasi. Hapo hakuna anayeweza kujibu kwa mazoea. Wakimaliza, aliyepokea mfuko anatia sahihi. Sahihi hiyo nitairudia, kwa sababu ni mali ya kijana huyo.

Safu ya IMERUDI ndiyo kiini cha mwongozo huu, na ndiyo inayojazwa mahali pasipofaa. Watu hurudi mjini, hula, hulala, kisha Jumapili baada ya ibada hukaa na karatasi. Wakigundua lenzi haipo, wamepata habari tu, lenzi hawataipata. Vyumba vya upasuaji vina kanuni iliyonyooka juu ya jambo hili. Orodha ya usalama wa upasuaji ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008 inataka hesabu ya vifaa, vitambaa na sindano ithibitishwe kwa sauti kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Sababu ni kwamba baada ya hapo kitambaa kilichosahaulika kinatafutwa ndani ya mtu. Mpiga picha hana hatari kubwa namna hiyo, lakini hesabu yake inafuata mantiki ileile: ifanyike pale ambapo kilichokosekana bado kinaweza kuokotwa.

Kando ya Tanganyika, upande wetu, kuna sababu mbili za ziada, na zote zinahusu saa. Uvira imeketi chini ya milima ya Mitumba, na milima iko magharibi. Jua linachomoza upande wa Burundi, juu ya maji, na jioni linajificha nyuma ya milima mapema, kabla ya saa yake ya kuzama. Mpiga picha aliyejifunza kazi kwa picha za pwani nyingine husubiri jua la dhahabu la saa kumi na mbili. Huku kivuli cha mlima kinafika mchangani kabla ya hapo na mwanga unakatika ghafla. Ndiyo maana ufungaji wa vifaa ufukweni daima ni wa mbio: bibi harusi anataka picha moja zaidi, pikipiki zinangoja, wazee saleni wanapiga simu, na mchanga umeanza kuwa mweusi kama kifuniko cha lenzi.

Sababu ya pili ni viboko. Jioni wanatoka majini kuja kula majani, hasa kuelekea Kavimvira na mdomo wa Ruzizi, na mamba nao wamo ziwani. Mtu mwenye akili harudi ufukweni saa mbili usiku na tochi ya simu kutafuta kibao cha stendi. Kwa hiyo kilichobaki mchangani kimebaki mpaka asubuhi, na asubuhi wavuvi na watoto wamefika kabla yako. Ukichanganya mlima na kiboko unapata kanuni ya hapa kwetu: picha za ziwani zinafungwa dakika ishirini kabla kivuli hakijafika, na dakika hizo ni za karatasi. Waambie maharusi tangu mwanzo kwamba zimo ndani ya ratiba. Na kama picha zinapigwa ndani ya mtumbwi, hesabu ndogo ifanyike kabla ya kupanda na mara baada ya kushuka. Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, mita 1,470 pale linapozama zaidi, na betri iliyoteleza ukingoni mwa mtumbwi iandikwe papo hapo kuwa imezama, ili asiitwe mwizi mtu wa nchi kavu.

Tuchukue harusi moja ya mfano. Timu ni ya watu watatu: mpiga picha, mwenzake wa video, na kijana msaidizi. Asubuhi walikuwa komini, mchana kanisani, na sasa wako ufukweni. Sehemu ya karatasi yao, baada ya kuhesabu, inasomeka hivi:

| Kifaa | Alama | Imetoka | Aliyeshika | Imerudi |
|---|---|---|---|---|
| Kamera (mwili) | M1, M2 | 2 | mpiga picha na wa video | 2 |
| Lenzi | L1–L3 | 3 | mpiga picha | 3 |
| Vifuniko vya lenzi | – | 6 | msaidizi | 5 |
| Betri za kamera | B1–B5 | 5 | msaidizi. B3 kwa wa video, kanisani | 4 |
| Kadi | K1–K6 | 6 | mpiga picha | 6 |
| Vibao vya stendi | S1, S2 | 2 | wa video | 2 |
| Rifleta | R1 | 1 | msaidizi | 1 |
| Mfuko wa rifleta | – | 1 | msaidizi | 1 |

Betri zimerudi nne. Alama zinaonyesha B1, B2, B4 na B5 zipo, kwa hiyo inayotafutwa ni B3. Safu ya aliyeshika inasema B3 ilikabidhiwa kwa mtu wa video kanisani, wakati betri yake ilipoisha katikati ya viapo. Anaulizwa, anajipapasa, na betri iko ndani ya mfuko wa koti alilolivua na kulitundika kwenye pikipiki. Hakuna aliyepandisha sauti. Bila alama na bila safu hiyo, koti lingekwenda saleni, lingevaliwa na mtu mwingine, na Jumatatu tungesikia kwamba msaidizi amepoteza betri.

Kifuniko cha lenzi hakikupatikana. Walitafuta mahali walipobadilisha lenzi, mpaka mwanga ukawaishia. Wakaandika pembeni: "Kifuniko kimoja cha nyuma, kimepotea ufukweni, tumetafuta." Hiyo nayo ni kazi nzuri. Karatasi haikuahidi kurudisha kila kitu. Imesema ukweli wa kilichopotea, wapi, na lini, na hakuna haja ya kupekua mkoba wa mtu yeyote usiku huo. Mfuko wa rifleta umepewa mstari wake kwa sababu rifleta iliyokunjwa bila mfuko hufunguka yenyewe njiani, juu ya pikipiki, na upepo wa ziwa unaichukua.

Kadi zinataka uangalifu wa namna nyingine. Lenzi ikipotea inanunuliwa nyingine, ingawa kwa uchungu. Kadi ya kanisani ikipotea, viapo havirudiwi. Tena kadi inatoka ikiwa na hali moja na kurudi na hali nyingine: inatoka tupu, inarudi imejaa. Kuhesabu sita na sita hakutoshi kama moja kati ya hizo sita itafutwa kesho kwa kudhaniwa tupu. Weka kawaida isiyobadilika: katika kijaluba, kadi tupu inatazama juu, iliyojaa inalazwa kifudifudi. Kisha kijaluba hicho kisisafiri na mkoba wa kamera. Mpiga picha akibeba kamera, kadi zibebwe na mwenzake, mwilini, ndani ya mfuko wenye zipu. Mkoba ukiporwa au ukidondoka mtoni, harusi bado ipo. Na kadi isifutwe mpaka picha ziwe zimenakiliwa sehemu mbili na kufunguliwa kuonekana kweli zipo. Baada ya hapo ndipo mstari wa kadi unafungwa.

Juu kabisa ya karatasi andika namba ya kiwanda ya kila kamera, lenzi na flashi. Kwa kamera nyingi imechapwa chini ya mwili. Namba hizi zina faida mbili huku kwetu. Ya kwanza ni mpakani. Mpiga picha wa Uvira akiitwa Bujumbura kwa kazi, anavuka Kavimvira kuingia Gatumba na mzigo unaofanana na wa mfanyabiashara. Aionyeshe orodha yenye namba kwa forodha ya DGDA anapotoka na aombe muhuri, ili anaporudi asiulizwe ushuru wa kamera aliyokuwa nayo tangu mwaka juzi. Forodha nao wanafikiri kwa safu mbili, kilichotoka na kilichorudi, kwa hiyo karatasi yako wanaielewa bila maelezo marefu. Faida ya pili ni kamera ikiibwa. Kamera nyingi huandika namba yake ndani ya kila faili la picha, pamoja na tarehe na saa. Hata kama hukuwahi kuisoma chini ya mwili, ifungue picha yake ya zamani kwa programu ya picha inayoonyesha taarifa hizo, na namba unaweza kuikuta hapo. Polisi akiuliza "Utajuaje kuwa ni yako?", unayo ya kumwonyesha.

Vitu vya kuazima viwekwe fungu lao chini ya karatasi, kila kimoja na jina la mwenyewe. Wapiga picha wa mji mmoja huazimana lenzi na flashi kila wiki, na urafiki wao huishia kwenye kamba ya flashi iliyorudi bila kifuko. Unapoazima, mwenye kitu aione safu ya IMETOKA ikijazwa mbele yake, na hali yake iandikwe: "kioo kina mkwaruzo pembeni", "miguu ya stendi ina mchanga". Unaporudisha, aijaze IMERUDI yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Aliyekiri kwa biki kwamba ameipokea lenzi yake nzima hatakupigia simu Jumatano.

Karatasi ina mipaka yake. Haizuii wizi wa njiani. Haijui kama flashi iliyorudi bado inawaka. Kitu kilicholoa kinahesabiwa sawa na kikavu, ndiyo maana palipoingia maji ongeza neno "kimelowa" pembeni, toa betri, na usiwashe mpaka kikauke kabisa. Pia inakufa haraka ikiwa ndefu mno. Ukifika mistari hamsini watu wataanza kujaza kwa macho yaliyofumbwa. Harusi moja ya timu ya watu watatu inatosha kwa upande mmoja wa karatasi, na kisichokwenda na timu kisiandikwe. Wengine wanaipenda kwenye simu. Simu inaisha chaji, inaitwa na mjomba katikati ya hesabu, na watu wawili hawawezi kutia sahihi juu yake kwa pamoja ufukweni. Piga picha ya karatasi kwa simu baada ya kuijaza, hiyo inatosha.

Sasa ile sahihi ya kijana. Katika kazi hii, anayebeba mikoba ndiye mdogo kuliko wote, analipwa baada ya wote, na kitu kikipotea macho yote yanamgeukia. Anakatwa pesa ya betri aliyokabidhiwa mtu mwingine, au ya kifuniko ambacho hakikuwemo tangu nyumbani. Hana la kujibu, maana hakuna kilichoandikwa. Safu ya IMETOKA inamlinda: alipokea vitu hivi, kwa idadi hii, mbele ya fulani. Safu ya aliyeshika inamlinda tena, kwa kuwa kila kinachotoka mkononi mwake kwenda kwa mwingine kinaandikwa hapo hapo. Kwa hiyo msaidizi ndiye anayepaswa kuidai karatasi kwa nguvu zote, kabla ya kuinua mkoba. Akiambiwa, "Twende, tumechelewa, utaandika baadaye," ajibu kwa heshima: "Papa, tuhesabu kwanza," na asiuguse mkoba mpaka wamehesabu.

Ninyi wenye studio, chapisheni karatasi hizo kabla ya Jumamosi ijayo, na msimkabidhi mtu mfuko bila karatasi yake. Na kitu kikipotea siku ambayo karatasi haikujazwa, hasara ni ya mwenye studio. Kijana alipwe pesa yake yote.